Chumba Namba Tatu na Kalamu ya Meneja

Mama Funguo ana miaka kumi na tisa nyuma ya meza ya mapokezi ya hoteli ile, na muda wote huo amebadilishiwa kiti mara moja tu, tena kile cha kwanza kilipovunjika akiwa amekikalia. Jina alipewa na wafagiaji, kwa sababu ya zile funguo ishirini na nne zinazoning'inia nyuma ya kisogo chake, ambazo huzichomoa bila kugeuka. Shule aliishia ya msingi, lakini hesabu ya vyumba haijawahi kumpiga chenga. Ana ulimi, hilo hata yeye hakatai. Mgeni akiuliza kama maji ya moto yapo, humjibu kwamba yapo, ila bado yako njiani.

Kazi yake ina kanuni moja kubwa. Mgeni akipiga simu kuomba chumba, jina lake huandikwa kitabuni kwa penseli. Akilipa malipo ya awali, hutumiwa ujumbe wenye namba ya uthibitisho, na lile jina hupitiwa kwa wino. Mama Funguo huwaeleza wafanyakazi wapya kwa maneno mafupi: penseli ni posa, wino ni ndoa.

Shida ilikuwa wino wenyewe. Meneja, ambaye ni mkwe wa mwenye hoteli na hasahau kuonekana hivyo, aliweka utaratibu wa kubana matumizi. Kalamu mpya haitoki mpaka iliyokwisha irudishwe, fomu ijazwe, na yeye aisaini. Mama Funguo alirudisha kalamu iliyokwisha, akajaza fomu, akasubiri. Kalamu mfu ikapokelewa kwa heshima zote. Fomu ikalala kwenye trei. Wiki tatu zikapita, na wageni wote wa hoteli, waliolipa na wasiolipa, wakabaki kwenye posa.

Kisha meneja akasikia kwamba mama mkwe wake, mwenye hoteli mwenyewe, atapita kukagua. Akataka kitabu kiwe safi. Akakaa na kifutio mchana mzima, akafuta kila jina la penseli lililokuwa na zaidi ya wiki mbili, kwa hoja kwamba mtu wa penseli si mtu. Daftari la risiti lilikuwa kwenye droo yake mwenyewe, hatua moja kutoka kwenye goti lake. Hakulifungua. Jumamosi iliyofuata Mama Funguo alikuwa mapumziko, meneja akashika meza, akawapa chumba namba tatu wageni waliotokea barabarani.

Jumanne iliyofuata ikaja barua.

Ilikuwa kurasa mbili, mwandiko ulionyooka kama rula, imetoka kwa mkunga mstaafu. Mama Funguo aliisoma amesimama. "Nilithibitishiwa chumba namba tatu, cha chini, kwa usiku mbili, namba ya uthibitisho mia moja kumi na saba," aliandika yule mama. "Nakala ya ujumbe wenu na risiti ya malipo ya awali nimeziambatanisha. Tulifika Jumamosi jioni, mama yangu akiwa amefungwa jicho baada ya upasuaji. Meneja wenu akaniambia jina langu halipo na huenda niliota. Nimekuwa mkunga miaka thelathini na miwili. Mimi huota watoto, siyo vyumba."

Hoteli nyingine waliyoipata usiku ule ilikuwa na nafasi ghorofa ya tatu tu, haina lifti, na bibi kizee alipandishwa kwa kushikiliwa kwapani. Mkunga aliomba mambo mawili. Mama yake angerudi kliniki tarehe ishirini na sita, kwa hiyo awekewe chumba kile kile, na ahadi iwe ya maandishi. Pili, arudishiwe malipo ya awali, pamoja na tofauti ya bei ya ile hoteli nyingine na nauli ya teksi, risiti hizi hapa. "Siombi zawadi wala utajiri," alimalizia. "Nasubiri jibu kwa siku saba."

Mama Funguo alikikumbuka kile chumba. Ujumbe ule aliutuma yeye. Akafungua kitabu, akainamisha ukurasa kwenye mwanga wa dirisha, akaona kovu la kifutio mahali jina lilipokuwa.

Kesho yake, Jumatano, mwenye hoteli alifika na mkoba wake, akaketi kwenye kochi la mapokezi kama mtu aliyekuja kusubiri basi. Meneja akatoka na jibu alilolichapa tayari, akalisoma kwa sauti ya taarifa ya habari. Hoteli ilisikitika kwa usumbufu wowote ambao huenda ulijitokeza. Mteja alitunukiwa soda moja baridi atakapofika tena. Na mhusika alikwisha kuchukuliwa hatua kali.

"Mhusika nani?" Mama Funguo akauliza.

"Aliyethibitisha jina na hakulipitia kwa wino. Kuanzia tarehe mosi utahamia kwenye kufua mashuka. Saini hapa chini kwamba umekubali."

Miaka kumi na tisa, na sasa beseni. Mama Funguo alikitazama kiti chake, akaitazama karatasi.

"Nitasaini kwa nini, bosi? Kalamu sina."

Mwenye hoteli akainua kichwa. Akaomba aletewe kitabu, na ile trei ya fomu. Akapapasa kovu la kifutio kwa kidole, akaisoma fomu ya kalamu, yenye tarehe ya mwezi uliopita, haina saini. Kisha akaomba daftari la risiti. Meneja alipovuta droo yake, mlango wa ofisi ukiwa wazi, kalamu zikaonekana zimejipanga humo, mpya, na mifuniko yao, zaidi ya thelathini.

Mkwe hakaripiwi mbele za watu. Mwenye hoteli alijua adabu hiyo, kwa hiyo aliongea na Mama Funguo, ingawa meneja alikuwa amerudi kusimama mkono mmoja tu kutoka kwake.

"Mwambie meneja," alisema, "kwamba mimi niliposema abane matumizi, sikumwambia abane wageni."

Mama Funguo akageuka nusu. "Bosi, mama anasema hukuambiwa ubane wageni."

"Nimesikia," meneja akanong'ona.

"Na wewe mwanangu," mwenye hoteli akaendelea, "mwezi mzima hukuwa na kalamu hata ya kwako?"

Hapo ulimi wa Mama Funguo ulipata kigugumizi. Kalamu alikuwa nayo, kwenye pochi, siku zote zile. Alikataa kuitoa kwa sababu haki ni haki, na kalamu ya kazi ni ya mwajiri. Akasema ukweli. Alikuwa akishindana na meneja, na aliyepandishwa ghorofa tatu ni bibi wa watu.

"Basi itoe," mwenye hoteli akasema. "Jibu utaliandika wewe. Kiti chako baki nacho."

Aliandika pale pale. Jina lako lilifutwa na sisi, hukuota. Chumba namba tatu ni chako tarehe ishirini na sita. Malipo ya awali, tofauti ya bei na teksi vinarudishwa leo kwa njia ile ile uliyotulipa. Tusamehe, na utuombee radhi kwa mama. Alitaka kuongeza neno kuhusu vifutio, akajizuia. Meneja alisaini chini yake, kwa kalamu ya kwenye droo.

Tarehe ishirini na sita mkunga alifika na mama yake, lakini hakupokea ufunguo. Alitaka kwanza kukiona kitabu. Akavaa miwani, akalipata jina lake kwa wino mweusi, uliokolezwa mara mbili, akalisugua kwa kidole gumba kilicholoweshwa mate. Halikutoka.

"Sasa nipe," akasema.

Mama Funguo akachomoa ufunguo bila kugeuka. Walipokwisha kuingia, alirudi kwenye kitabu. Meneja alikuwa amemwachia ujumbe kwamba anaomba likizo mwezi ujao, iingizwe kwenye ratiba.

Kalamu zilikuwepo, kopo zima. Mama Funguo akachonga penseli.