Daktari wa Mabomba na Bafu la Bibi

Kitu cha kwanza nilichokiona kwa fundi wetu kilikuwa sikio lake la kushoto. Lilikuwa na alama ya kutu, kwani kila aingiapo nyumba ya watu huliegemeza kwenye bomba kabla hata ya kuketi. Mtaani wanamwita Daktari, na kwa miaka thelathini hajawahi kulikataa jina hilo.

Tulimwita kwa ajili ya Bibi. Tangu avunjike nyonga alikuwa hashuki ngazi, na huko juu maji yalitoka kama machozi ya mnafiki. Mama alikuwa amekata shauri: bafu lisipopata maji wiki hii, Bibi ahamie kwa mjomba, kwenye nyumba isiyo na ngazi. Bibi hakutaka kuondoka katika chumba alimofia babu, wala kuogeshwa.

"Wa kuoshwa ni maiti," alisema. "Mimi bado nina mikono."

Fundi alifunga pampu chini, kando ya tangi, akaweka valvu ya kuzuia maji yasirudi, swichi ya presha, na mtungi mwekundu wenye mpira ndani.

"Presha ikishuka hadi mbili, swichi inaiwasha pampu," alinieleza. "Ikifika tatu na nusu, inaizima. Mtungi, kwa upepo uliomo ndani, unaweka akiba, pampu isiamke kwa kila kikombe."

Bibi alifungua bomba, na maji yakaja kwa nguvu. Lakini huko chini pampu ilianza kuwaka na kuzima, kuwaka na kuzima, kila baada ya sekunde chache. Fundi akaizima upesi.

"Itaungua hivi," alisema.

Mama alishusha pumzi, akanigeukia. "Nimpigie mjomba wako?"

Fundi aliweka sikio kwenye mtungi, akaugonga kwa kidole, kisha akakaa chini sakafuni.

"Nimepima upepo wa mtungi maji yakiwa yameshajaa," alisema polepole. "Geji ilinisomea presha ya maji. Wanafunzi wangu wote nawafundisha: kwanza mwaga maji, ndipo upime. Leo nimejisahau mwenyewe."

"Basi Daktari naye huugua," Bibi alisema kutoka juu. "Pole, mwanangu. Jitibu, nakusubiri."

Fundi alifungua bomba la chini hadi likakauka, akapima upya. Upepo haukufika hata moja. Akachukua pampu ya baiskeli na kujaza, jasho likimdondoka puani, hadi geji ikasoma moja nukta nane, chini kidogo ya presha ya kuwashia. Kisha akalifunga bomba.

Nilipanda juu. Bibi alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki bafuni, khanga kifuani, sabuni mapajani.

"Toka, mume wangu," aliniambia. "Funga mlango. Umwambie awashe."

Niliufunga, nikainama kwenye ngazi.

"Yuko tayari, fundi."

"Haya," alijibu, mkono ukiwa kwenye swichi. "Nyamazeni wote. Nataka kusikia."