Jina la Shangazi Katika Barua ya Pisila

Luseane aliisoma barua ya shule akiwa amesimama jikoni, akairudia, na mara zote mbili hakuhisi kitu. Ndivyo alivyokuwa tangu mpimaji wa masikio kule mjini Nukuʻalofa awaambie kwamba Pisila, binti yake wa miaka saba, hasikii vizuri, na kwamba hali hiyo haitaondoka. Alipika, alifua, aligonga magome ya mti pamoja na wanawake wenzake kutengeneza kitambaa cha tapa, lakini yote hayo aliyafanya kama mtu anayefanya kazi za nyumba ya jirani.

Barua yenyewe ilikuwa nzuri. Mwalimu Kalolaine alieleza malengo ya muhula: Pisila avae mashine zake za masikioni siku nzima ya masomo, na asiposikia aombe arudiwe badala ya kuitikia kwa kichwa tu. Shule ingemkalisha mbele, mbali na feni, na mwalimu asingesema huku ameligeuzia darasa mgongo. Nyumbani, mama angezijaribu betri kila asubuhi na kumvalisha. Usiku angezifuta mashine na kuzitia kwenye mkebe wa kukaushia. Baba angemsomea jioni, wakitazamana, televisheni ikiwa imezimwa. Chini palikuwa na nafasi ya sahihi mbili. Semisi, mumewe, alitia yake, Luseane naye akatia.

Jumapili, baada ya ibada, alikuja kula wifi yake, ʻOfeina, dada mkubwa wa Semisi. Kwa desturi ya visiwa vyao, juu ya watoto wa ndugu yake kauli ya mwisho ilikuwa yake. Hata jina la Pisila alilitoa yeye. Aliisoma barua mpaka mwisho, akarudi juu, akashuka tena polepole, kama anayetafuta kitu. Kisha akaomba aletewe zile mashine. Alizifunga kwenye leso yake na kuzitia mkobani.

"Vitu kama hivi si vya kuchezewa mchangani," alisema. "Nitakaa navyo mimi. Atavaa kanisani."

Semisi alitazama sahani yake. Luseane aliondoa vyombo.

Wiki iliyofuata Pisila alikwenda shule masikio matupu. Kila mwalimu alipomuuliza kama amesikia, aliitikia kwa kichwa. Kalolaine akamwita mama yake, naye akaja watoto walipokwisha kutoka.

"Mama Pisila, sahihi zenu ninazo hapa," alisema mwalimu. "Mashine ziko wapi?"

"Kwa shangazi yake."

"Si umwambie azirudishe?"

"Mimi nimwambie wifi yangu?" Luseane aliuliza. Mwalimu akashusha macho.

"Eti umwambie," Kalolaine alijicheka mwenyewe. "Hata mimi shangazi yangu angenifanyia vivyo hivyo. Fomu ina baba na mama, nikajaza baba na mama, kama mgeni wa hapa."

Akatoa karatasi mpya. Malengo yalibaki yaleyale, na kazi za shule zilezile. Walipofika sehemu ya nyumbani, aliinua kalamu na kuuliza asubuhi amwandike nani.

"Andika wifi," Luseane alisema. "Mimi nitazikausha usiku."

"Una hakika? Sauti ya kwanza atakayoisikia kila siku itakuwa yake, siyo yako."

"Andika."

Mwalimu hakuituma barua ile mpya kwa mkono wa mtoto. Aliipeleka mwenyewe, akaketi chini mkekani mbele ya ʻOfeina, Luseane nyuma yake.

"Kumbe kwangu mnapajua," ʻOfeina alisema.

Kalolaine aliomba radhi, akamsomea. Akamwonyesha kwamba yenye alama nyekundu ni ya kulia, ya buluu ya kushoto, na ikipiga mluzi ijulikane haijakaa sawasawa. ʻOfeina aliuliza kama Jumapili peke yake haitoshi.

"Haitoshi, shangazi. Mtoto anajifunza sauti kwa kuzisikia kila siku. Akizikosa, darasa linamwacha."

ʻOfeina alisoma jina lake pale lilipoandikwa. Akaomba kalamu.

Kesho yake alifika kabla ya chai. Luseane alikuwa bandani na wenzake, nyundo zao zikilia juu ya gogo.

"Hebu nyamazeni huko," wifi aliita kutoka barazani. "Mtoto anavalishwa. Au mnataka aanze siku na kelele zenu?"

Wanawake wakacheka, wakaacha. Luseane aliona binti yake amekaa mbele ya magoti ya shangazi yake, kichwa kimeinamishwa upande huu, kisha ule. ʻOfeina alipomaliza alijiegemeza nyuma na kulitaja jina la mtoto kwa sauti ya kawaida. Pisila akageuka, akamtazama shangazi yake kwa mshangao, akatabasamu.

Luseane alingoja kuona kama kuna kitu kitamjia moyoni. Hakikuja. Aliwaomba wenzake wamsaidie, wakalibeba gogo hadi nyuma ya banda, mbali na baraza, na huko akaendelea kugonga.