Mtu Aliyesifu Kila Kitu

Katika ofisi yetu ya Xiaobei, mtaa wa Waafrika huku Guangzhou, Uchina, kulikuwa na kaka mmoja, mtu wa Dar es Salaam, ambaye kila asubuhi aligawa sifa kama mtu anayegawa vipeperushi mlangoni. Mlinzi wa jengo alikuwa jembe. Dada wa ofisi ya mizigo iliyokuwa mkabala na yetu alikuwa amependeza balaa. Mimi, niliyekuwa mkalimani, nilikuwa na Kichina cha mtu aliyezaliwa hapahapa Guangzhou. Mwenyewe hakujua Kichina zaidi ya salamu na neno la kukataa bei. Angejuaje kama changu ni kizuri au ninababaisha? Na sifa hiyo ilikuja, bila kukosa, asubuhi zile alizotaka nimpigie simu dereva wetu wa mizigo.

Nilimdharau, nami sikujitahidi kuficha. Wenzangu walisema nina roho ngumu, kwamba maneno mazuri hayamgharimu mtu. Ndiyo sababu hasa niliyadharau. Mji huu umejaa maneno ya namna hiyo. Wauza duka wanamwita kila mwanamke meinü, yaani mrembo, hata ukiwa umetoka kulia. Ukishaitwa mrembo na mtu ambaye macho yake yako kwenye simu yake, hulisikii tena neno hilo.

Bosi wetu alikuwa mama wa Lubumbashi, mwenye uso usiocheka ovyo, aliyenunua mashati na magauni kwa ajili ya maduka ya kwao. Kwa miezi mingi hakunisifu kwa lolote, nami nikadhani haridhiki. Siku moja tukitoka kwa mfanyabiashara wa zipu, akaniambia tukiwa kwenye lifti kwamba amependa nilivyomwambia yule baba tutapita tena kesho, badala ya kumwambia mbele ya wateja wake kwamba bei yake ni mbaya. Akasema, "Ulimwachia mlango. Minaona ndiyo sababu alitufuata mpaka huku inje." Kisha lifti ikafika chini na yeye akaanza kuzungumzia chakula. Sijasahau maneno yale. Tangu siku ile nilijua jambo moja ninalolifanya vizuri, nalo nikaendelea kulifanya.

Sasa, Jumapili tulikuwa tukisali Kiswahili katika sebule ya nyumba moja ya kupanga, Watanzania na Wakongo pamoja. Rafiki yangu, ambaye tulikaa naye chumba kimoja, alipewa kuimba peke yake beti za wimbo wa kutoa sadaka, kwaya ikiitikia. Katika ubeti wa pili aliupoteza wimbo. Sote tulisikia. Baada ya ibada watu walimzunguka wakamwambia ameimba kama malaika, na yule kaka wa ofisini akiwa mbele kabisa, akisema hajapata kusikia sauti kama ile tangu azaliwe. Rafiki yangu alishukuru huku anatazama sakafu. Kila sifa ilimwambia kwamba kosa lake lilikuwa kubwa kiasi kwamba hakuna anayethubutu kulitaja.

Tulipokuwa tunavaa viatu mlangoni akaniuliza mimi aliimba vipi. Nikamwambia aliupoteza ubeti wa pili, na kwamba alipoupoteza hakusimama wala hakucheka kwa aibu. Alishusha sauti, akasubiri, kwaya ikamshika, akapanda nayo tena. Nikasema mimi ningekimbilia jikoni. Alinyanyua uso. Akaniuliza kama kweli ilisikika hivyo, nami nikasema ndiyo, pale kwenye kupanda ndipo nilipopata wimbo wenyewe. Njia nzima alikuwa anaimba ubeti ule chinichini.

Yule kaka alikuwa nyuma yetu, anafunga kamba za viatu, amesikia yote. Kilichomgusa hakikuwa wimbo. Aliona uso wa rafiki yangu ulivyobadilika, akaona hapa kuna mbinu.

Kesho yake ofisini akanijia na kiti chake. "Dada yangu, nifundishe ile kitu. Mimi nasifu mwaka mzima, watu wanasema asante tu. Wewe umesema maneno mawili, mtu anang'aa."

Ningeweza kumfukuza. Nilimwambia, kwa sauti ya mtu anayemweleza mwenzake jinsi ya kufungua kopo, kwamba aangalie kwanza mtu amefanya nini hasa. Alitaje hilo alilolifanya, si kumtaja yeye kuwa ni malkia au jembe. Aseme limemsaidia vipi. Kisha anyamaze, asiombe kitu juu yake. Na kama hajaona kitu, basi asiseme. Aliitikia kwa kichwa kila neno, akaniambia mimi ni mwalimu bora kupita wote aliowahi kuwa nao. Hapo nikajua hakuna lililoingia.

Wiki hiyohiyo bosi akatutuma mimi na yule kaka Kangle, mtaa wa karakana za kushona nguo, kwenye karakana ya mwanamke mmoja aliyetushonea mashati ya mistari. Vichochoro vya kule ni vyembamba, pikipiki za umeme zinapita na majora ya vitambaa yamelazwa nyuma ya dereva, unajibana ukutani unapita. Mashati yalikuwa mwishoni, yanapigwa pasi na kuwekwa kwenye mifuko, na bosi alitaka yatoke mapema yaingie kwenye kontena lililokuwa linafungwa wiki hiyo. Kazi yetu ilikuwa kuuliza tu, kwa adabu.

Yule kaka akachukua shati, akaligeuza, akatafuta kitu cha kusifu. Nilimwona anavyotafuta, kama mtu anayepapasa mifuko akitafuta funguo. Macho yakatua kwenye matundu ya vifungo. Akaniambia nimtafsirie mama mwenye karakana kwamba ameona matundu yale, yamekatwa kwa ustadi mkubwa, sijui mkono gani unaweza kazi ile, na kwamba wateja wa Afrika watamkumbuka kwa matundu yale. Halafu, bila kuvuta hata pumzi, niongeze kwamba kwa kuwa yeye ni fundi wa namna hiyo, bila shaka anaweza kutupitisha mbele ya wateja wengine.

Nilitafsiri yote kama yalivyo. Ndiyo kazi yangu.

Yule mama aliweka pasi chini. Matundu ya vifungo hayakukatwa pale. Karakana nyingi za Kangle hazina mashine hiyo. Nguo hupelekwa kwenye kibanda cha jirani kinachofanya matundu na vifungo tu, kisha hurudishwa. Na huyu alikuwa ametoka kugombana na jirani huyo, kwa sababu baadhi ya matundu yalikuja mapana, vifungo vinachomoka. Mtu anapokuja akasifu, kwa maneno marefu, mahali pale pale penye ubovu, utamwelewaje? Alielewa kwamba tumeuona ubovu na tunamkejeli. Akaniuliza kwa sauti ya chini kama bosi wetu ndiye aliyetutuma kusema hivyo. Nikasema hapana. Hakuniamini. Aliagiza mashati yote yatolewe kwenye mifuko yakaguliwe upya, akatuambia tutaitwa.

Kichochoroni yule kaka alilalamika kwamba Wachina hawajui kupokea sifa. Alikuwa amefuata maelekezo yote, alisema: ametaja kitu, hakumwita malkia. Nikamuuliza kama aliliangalia tundu hata moja. Akasema ameliangalia, lilikuwa tundu. Nikamwacha hapo, nikapanda metro peke yangu.

Bosi aliposikia hakupiga kelele. Kesho yake alivaa viatu vyake vya kutembelea, akaniambia twende wote, na yule kaka abaki. Tulipofika karakana ilikuwa kimya, watu wanakagua vifungo. Yule mama hakutukaribisha kiti. Bosi naye hakusema habari ya kontena wala ya jana. Alivuta shati moja akalitandaza mezani chini ya taa, akalipitishia kiganja. Akaligeuza, akatazama na ubavuni. Kisha akaweka kidole kwenye mfuko wa kifuani.

"Mwambie hii mistari ya mufuko imekutana na ile ya kifua," akaniambia. "Na hapa ubavuni imekutana vilevile. Sisi hatukumuomba. Pale kwetu, mwanamuke akinunulia bwana yake shati, anaangaliaka hapa kwanza."

Nikatafsiri. Bosi akalikunja shati, akalirudisha juu ya mengine. Nilimsubiri aseme lililotuleta. Hakusema.

Yule mama hakutabasamu. Alisema kuunganisha mistari kunakula kitambaa, na mume wake humgombeza kila mara kwa hilo, kwa sababu hakuna mteja anayeona. Alisema hivyo huku anatazama shati, bila kututazama sisi. Akavuta kiti kwa mguu akakisogeza kwa bosi. Baadaye akauliza mwenyewe kontena linafungwa lini, akapiga hesabu kichwani, akatingisha kichwa: kwa haya matundu, haitawezekana. Bosi akasema sawa, ayarekebishe.

Kwa hiyo mashati yale hayakuwahi kontena lile, yalipanda linalofuata. Lakini yalipofika kwao hakuna kifungo kilichochomoka. Na oda iliyofuata, ya mistari mipana zaidi, yule mama aliunganisha mistari mpaka kwenye mkono, bila kuambiwa.

Yule kaka hakufukuzwa. Aliondolewa tu safari za Kangle, akabaki kusimamia upakiaji wa mizigo, huku akisema hadharani kwamba bosi ndiye mwanamke mwenye busara kuliko wote Guangzhou. Niliendelea kumdharau, na dharau yangu haikupungua kwa sababu hakubadilika.

Alasiri moja mvua kubwa ilinyesha ghafla wakati marobota yetu yako juu ya gari, barabarani. Dereva, Mchina mzee kidogo asiyependa maongezi, alipanda juu akafunika turubai, kisha akaona upande mmoja maji yanajikusanya, akafungua kamba, akaifunga upya kwa mteremko ili maji yashuke. Alilowa mpaka soksi. Mimi na yule kaka tulisimama chini ya baraza tukimtazama. Baadaye tulipofungua marobota yalikuwa makavu.

Yule kaka alinigeukia, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu hakuwa na ile sauti yake. Akasema taratibu, "Mwambie nimeona alivyofungua ile kamba akairudia. Angeiacha, maji yangeingia kote."

Ilikuwa sifa ya kweli, na ilisemwa vizuri. Nikamtafsiria dereva. Dereva alikuwa anakamua shati lake. Alimtazama yule kaka, mtu aliyemwita, kupitia mdomo wangu, bosi na bingwa na rafiki kila siku ya Mungu kabla ya kumtuma, akamtazama tena, kisha akaniuliza, "Anataka nini leo?"

Nikalitafsiri swali hilo kama lilivyo, nikarudi kwenye baraza.