Arobaini na Moja ya Nini?

Katika shule ile ya kutwa juu ya Kimulot, pale chai inapokaribia kugusa msitu, wanafunzi walinijua kwa jambo moja. Jibu lisilo na kipimo nililikata kwa wino mwekundu, nikaandika pembeni: "Ya nini? Mbuzi?" Ukiniandikia ishirini na mbili, basi uniambie kama ni gramu au ni lita, la sivyo sifuri yako hiyo, nenda nayo nyumbani. Nilikuwa mkali, sikatai. Mtu wa ziwani ameletwa kufundisha kemia kwenye baridi ile, sketi mbili moja juu ya nyingine, mvua kila alasiri, jiko la mkaa haliwaki. Mlitaka niwe mpole kwa furaha gani?

Kulikuwa na msichana mmoja wa kidato cha tatu ambaye sikuwahi kumwandikia habari ya mbuzi. Nikikosea ubaoni, na nilikosea mara nyingi, wenzake walinakili kosa langu kama lilivyo. Yeye aliweka kalamu chini na kungoja. Hasemi neno, hanyooshi mkono, adabu zake hazikumruhusu kumsahihisha mwalimu. Nilipoiona kalamu yake imelala juu ya daftari niligeuka haraka kuangalia ubao, na kweli, hapo ndipo nilipokuwa nimeharibu.

Mama yake alikuwa mgonjwa tangu wakati wa mahindi mabichi. Alivimba miguu, halafu uso, akawa hawezi kuchuma chai hata nusu ya kikapu. Hospitali ya misheni walimpima damu, wakasema figo zote mbili zimechoka, aende Nairobi kwenye ile mashine ya kusafisha damu, na aende upesi. Nilichanga nauli mwenyewe pamoja na walimu wenzangu. Kwa hiyo Ijumaa moja, msichana aliponifuata maabara baada ya masomo anacheka, nilishangaa kumwona hapo.

"Kwani hamjaenda Nairobi?"

"Hatuendi tena, madam. Mama amepona. Karibu apone. Jumapili tunafanya shukrani nyumbani, na mama amesema lazima wewe ukuje."

Mjomba wake alikuwa dereva kwenye mashamba ya kampuni, na huko alikuwa na rafiki kwenye maabara ya hospitali ya mashamba. Alimpeleka dada yake apimwe kabla ya safari, akachukua karatasi ya majibu mkononi na kurudi nayo nyumbani moja kwa moja. Hapakuwa na daktari aliyeiona. Waliisoma wenyewe mezani: baba, mjomba, na huyu msichana kwa sababu ndiye wa sayansi. Sasa alikuwa ameniletea karatasi zote mbili, ya misheni na hii mpya, nimweleze herufi chache ambazo hazikuwa wazi, maana Jumapili angesimama mbele ya watu kusoma.

"Hii BUN ya kwanza ni nini, madam? Hii ya pili wameandika yurea tu."

Nikamwambia ni kitu kimoja, ni uchafu ambao figo zingetoa kwenye mkojo, ila hospitali ya kwanza hupima nitrojeni iliyo ndani ya yurea, na ya pili hupima yurea yenyewe.

"Ndio hivyo nilisema! Uchafu umeshuka. Ilikuwa themanini na nane, sasa ni arobaini na moja." Akasogeza kidole. "Na hii kriatinini inatoka kwa misuli, nilisoma. Ilikuwa tisa nukta sita. Sasa ni elfu moja na tisini! Nguvu imerudi, madam. Na K ni potasiamu, wewe ndio ulitufundisha. Ilikuwa tano nukta nne, sasa ni sita nukta tisa. Hiyo ni ndizi, si ndizi imejaa potasiamu. Kila siku ya soko nanunua ndizi Litein, nampatia asubuhi na jioni. Hata kama hataki nambembeleza anakula."

Alikuwa anang'aa. Nilizitazama zile karatasi.

"Arobaini na moja ya nini?" nikamuuliza.

Akacheka, akidhani ni ule utani wangu wa mbuzi. Halafu akaona sicheki.

Wamishonari wa hospitali ile walikuwa Wamarekani, wakipima kama kwao: miligramu ngapi ndani ya desilita moja ya damu, yaani sehemu ya kumi ya lita. Hospitali ya mashamba ilifuata desturi ya Waingereza: milimoli ngapi ndani ya lita nzima, na kriatinini kwa maikromoli, kwa kuwa ni kidogo. Vilima viwili vya chai, damu ileile, lugha mbili. Kila mmoja aliandika kipimo chake sawasawa, kwa herufi ndogo mwisho wa mstari. Mezani kwao zilisomwa namba tu.

Ningemwambia tu. Lakini sikuweza kulitamka, na mdomo wangu ulikimbilia kazi inayoijua. Nikampa chaki. Haki ya Mungu, nilimpa mtoto chaki.

"Molekuli moja ya yurea ina nitrojeni ngapi?"

"Mbili. Kumi na nne mara mbili, ishirini na nane." Akaandika. Arobaini na moja mara ishirini na nane, elfu moja mia moja arobaini na nane, miligramu kwa lita. Akagawa kwa kumi kupata desilita. Mia moja na kumi na nne nukta nane. Akaandika na kipimo, vizuri kama kawaida yake, kisha akaangalia ile themanini na nane kwenye karatasi ya kwanza.

"Imepanda," akasema.

Kriatinini akaifanya bila kuambiwa. Nilimtajia tu uzito wa moli moja, mia moja na kumi na tatu, kutoka kitabu changu cha chuo. Ikatoka kumi na mbili nukta tatu, dhidi ya tisa nukta sita ya zamani. Nikamweleza kwamba ni kweli hutoka kwenye misuli, lakini ni takataka ya misuli, na figo nzima haiiachi ifike hata mbili. Ikipanda hivyo ina maana hakuna anayefagia.

"Na potasiamu?"

Hiyo haikuhitaji hesabu. Potasiamu hata Wamarekani wale waliihesabu kwa kipimo kinachotoa namba sawa na milimoli kwa lita. Ilikuwa imepanda na imepanda kweli. Mtu mzima hatakiwi kuzidi tano na kidogo. Figo ndizo hutoa ziada, na zikishindwa potasiamu hubaki kwenye damu na kuuchanganya moyo, na moyo unaweza kusimama bila kumpigia mtu hodi. Nilisema yote hayo nikiangalia dirisha. Sikutaja ndizi. Yeye pia hakutaja. Alifuta ubao polepole mpaka kwenye kona, akanikabidhi dasta.

Tukatembea mpaka kwao kwenye matope. Mama alikuwa amekaa kwenye kiti nje ya jiko, blanketi mabegani, anajikuna mikono na kwikwi haimwachi, na akaniona akafurahi kana kwamba nimeleta mahari. Akaagiza niletewe chai. Kando yake palikuwa na sahani, na kwenye sahani ganda la ndizi. Msichana aliichukua ile sahani akaenda nayo nyuma ya nyumba, na alikaa huko muda.

Baba alirudi kutoka kituo cha kupimia majani, kikapu kitupu mgongoni. Nikamwambia Mzee, karatasi mmeisoma vibaya. Nikamweleza kwa Kiswahili chepesi, mara ya kwanza, mara ya pili. Alisikiliza akiwa amesimama.

"Mwalimu, tumetangaza kanisani," akasema. "Ng'ombe iko hapo imefungwa. Watu wa Mulot wameambiwa. Sasa niwaambie nini?"

"Waambie mlikosea!" Nilipandisha sauti, kwa mzee, nyumbani kwake. "Ng'ombe itangoja! Mama apelekwe misheni leo hii, wamteremshie potasiamu kwanza, halafu Nairobi!"

Hakukasirika. Nilitamani akasirike. Alikaa kwenye gogo, akaanza kuwaza kwa sauti: barabara imeharibika, pikapu ya shemeji iko Mulot, itarudi kesho asubuhi. Halafu akaniuliza kuhusu ile mashine. Akishasafishwa damu mara moja, basi? Nikasema hapana, ni mara mbili kila wiki. Mpaka lini? Nikasema mpaka mwisho. Yeye ni mtu wa mistari michache ya chai na ng'ombe watatu, akauliza tena taratibu, kana kwamba labda Kiswahili changu ndicho kilichokosea. Mpaka mwisho wa nini, mwalimu?

Msichana ndiye aliyemweleza mama, kwa Kipsigis. Sikuelewa maneno, lakini hayakuwa marefu. Mama alimshika mkono, akauliza jambo, akajibiwa. Kisha akanigeukia, akasema kongoi, asante, na akauliza kwa Kiswahili chake cha sokoni kama chai yangu imepoa.

Asubuhi nilisimama njia panda nikingoja pikapu, na barua ya kumpa daktari wa misheni ndani ya mkoba, vipimo vyote nimevigeuza kuwa vya kwake ili asipoteze hata dakika. Ukungu ulikuwa mzito. Nikaisikia kabla ya kuiona. Ilikuwa inakuja polepole sana. Nikasema moyoni ni matope, ni matope tu. Ilipotokea, baba alikuwa amesimama nyuma bila kofia na mvua inamnyeshea. Mama alikuwa amevaa gauni la Jumapili. Msichana alikuwa amempakata kichwa, anamwongelesha, anamwongelesha tu. Dereva alizima injini, akanitazama, akatikisa kichwa. Nililia pale barabarani kama mtoto na mkoba wangu ukaanguka kwenye tope.

Jumapili watu walikuja vilevile, kwa sababu walikuwa wamealikwa. Wengine walifika wakiimba nyimbo za shukrani mpaka walipofika langoni. Ng'ombe yule yule akachinjwa siku ya mazishi.

Msichana alirudi shuleni kabla ya mwisho wa muhula, nywele zimenyolewa. Sikumuuliza kitu. Nilifundisha mambo ya asidi, nikikaripia kidogo kuliko kawaida, na kengele ilipolia wenzake wakatoka, yeye akabaki kwenye benchi la mbele na daftari lake wazi.

"Madam," akasema, "ni ndizi?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa swali hilo wiki nzima. Nikamwambia si ndizi. Nikamwambia ni figo, figo zilikuwa zimekwisha zamani, hata angekula mawe ingekuwa hivyo hivyo, hakuna mtu aliyemfanyia mama yake chochote. Nilisema kwa ile sauti yangu ya ubaoni, sauti isiyotaka maswali.

Alinisikiliza mpaka nikamaliza. Kisha akaweka kalamu chini, juu ya daftari, akangoja.