Ugali Simama, Ugari Simama

Mkuu wa vipindi wa kituo chetu cha televisheni hapa Kakamega alikuwa na tabia ya kutoa habari mbaya huku akitafuna njugu. Ukimwona anamimina njugu mkononi, jua kuna mtu atalia. Siku hiyo alimimina mkono mzima.

"Mama," akamwambia mtangazaji wa kipindi chetu cha mapishi, "watu wanakutazama, lakini hawafanyi kitu. Wanakaa tu kama wako kanisani. Siku hizi mtazamaji lazima naye ashike simu, apike, ajirekodi, atume. Mnipe wazo la namna hiyo. Ijumaa ya wiki ya pili nikihesabu video hamsini kutoka majumbani mwa watu, kipindi kinabaki. Zikipungua, hiyo saa ya Jumamosi naipa muziki."

Mama ndilo jina tulilomwita sote kituoni. Alikuwa na miaka mingi kwenye saa ile ya Jumamosi. Kabla ya kuja mtandao kituoni, kabla hata ya kamera yetu ya pili, yeye alikuwapo na sufuria yake. Na mimi niliyekuwa nimesimama nyuma ya kamera nilikuwa na sababu zangu za kuogopa. Nilipoajiriwa pale nilikuwa mfagiaji mwenye cheti cha darasa la nane. Jioni nilikuwa nakwenda ngumbaru, yaani shule ya watu wazima, na kila jioni ilipofika saa ya kutoka Mama alikuwa ananinyang'anya fagio. "Nenda ukasome," anasema, "hizi taa nitazikusanya mwenyewe." Mtangazaji, uso unaojulikana hadi Malava, anakunja nyaya ili mfagiaji akajifunze sarufi! Nilimaliza kidato cha nne nikiwa na ndevu nyingi kuliko mwalimu wangu. Ni yeye pia aliyewaomba wanifundishe kamera. Kwa hiyo kipindi kikifa, nilihisi ni mimi nimemzika.

Mkuu alipotoka, Mama akavua aproni. "Haya, msomi. Sasa hiyo elimu ifanye kazi."

Tulikaa jikoni mwa studio tukapiga mawazo mpaka chai ikapoa mara tatu. Mimi nilitaka makubwa. Nilitaka watu wapike kuku kwa njia saba, nyuma yao kuwe na mapambo, na muziki wa msanii mkubwa. Mama akanisikiliza hadi mwisho, kwa heshima, kama mtu anayemsikiliza mlevi.

"Kuku ni wa mgeni," akasema. "Ukiambia watu wapike ingokho, nusu ya wilaya itakaa chini. Na huo muziki wa watu tukiupeperusha hewani bila ruhusa, tutaulizwa. Tafuta kitu ambacho kiko kwa kila nyumba leo jioni, tupende tusipende."

Tukatazamana. Obusuma. Ugali.

Hapo ndipo wazo likaja lenyewe, mbio, kama maji ya mvua kwenye mtaro. Kila mtu huku anajua kwamba ugali wa heshima haupakuliwi kwa kijiko. Unaweka sahani juu ya sufuria, unapindua mara moja, unainua sufuria, na ugali unabaki umesimama, laini pande zote, bila ufa. Basi hilo ndilo shindano letu. Pindua ugali wako mbele ya kamera, mara moja tu, video isikatwe. Halafu, kabla hujaumega, mtaje aliyekufundisha kusonga, umshukuru. Sehemu ya shukrani iliongezwa na Mama. Mimi niliona itachosha watu. Nilikuwa msomi, nilikosea sana.

Kanuni tuliziandika kwenye karatasi moja, kwa sababu Mama alishikilia kwamba shindano lisiloingia kwenye karatasi moja halitaingia kwenye kichwa cha mtu. Simu isimamishwe wima. Video isizidi dakika moja. Watoto wakae mbali na moto. Ukituma, tutakuomba ruhusa kabla ya kukuonyesha hewani. Na jina moja liandikwe chini ya kila video, likitanguliwa na ile alama ya reli ambayo mtandaoni hukusanya video zote za neno moja kwenye ukurasa mmoja: UgaliSimama. Jina hilo nililibuni mimi. Nililiandika ubaoni kwa mwandiko wa kupendeza hata simba angesoma akapiga makofi.

Tulihitaji video ya kuanzishia, kwa maana hakuna mtu anayependa kuingia uwanjani wa kwanza. Nikajitolea. Nikasonga, nikapindua, nikainua sufuria kwa madaha. Ugali ukasimama sekunde moja, ukafikiri, kisha ukaanguka upande kama boda boda kwenye matope.

"Nirudie," nikasema, nimeshaanza kuifuta.

"Usiguse!" Mama akanishika mkono. "Hiyo hiyo ndiyo tunatuma. Mimi nikipindua vizuri, watu watasema, 'huyo ni mpishi wa tivi.' Wakiona wako umeanguka, kila mama wa Lurambi atasema, 'hata mimi namshinda huyu.' Na atatoa simu."

Basi uso wangu na ugali wangu uliolala vikaenda mtandaoni. Jumamosi Mama akalitangaza shindano hewani, mwenyewe, kwa ile sauti yake ya kuita watu shambani: "Wapendwa, ni *Ugari Simama*! Mtuandikie *Ugari Simama*!"

Nikacheka nyuma ya kamera. Ngumbaru ilikuwa imenitibu ugonjwa huo wetu wa kugeuza l kuwa r. Mwalimu wetu alikuwa na kalamu nyekundu kwa ajili ya r na l peke yake, na alinimwagia wino wa kutosha kupaka nyumba. Mama yeye anasemanga hivyo tangu kuzaliwa, na nikaona ni utamu wake. Sikuandika jina la shindano kwenye skrini. Nilifikiri, nani asiyejua kuandika ugali?

Siku tatu zikapita. Kila asubuhi nikafungua ule ukurasa wa UgaliSimama. Video mbili. Kisha nne. Kufika Alhamisi zilikuwa saba, na kati ya hizo tatu ni zangu, nimejirekodi kwa dada yangu nikiwa nimevaa kofia tofauti. Nilikonda. Suruali ilianza kuniomba mkanda wa pili.

Mama alikuja na kikapu, akaanza kupanga vitu vyake vya jikoni ndani yake kimyakimya. Mwiko. Chujio. Lile sufuria lake lenye kovu upande mmoja.

"Mama, bado kesho."

"Mwanangu, mtu mzima hangoji kufukuzwa ndiyo akunje mkeka." Akanitazama, akatabasamu kidogo. "Tumejaribu. Usijikondeshe. Wazo lilikuwa zuri."

Hilo tabasamu liliniuma kuliko kama angenitukana.

Ijumaa asubuhi, saa mbili kabla ya mkutano, mlinzi akaniita getini. Kulikuwa na mama mmoja wa makamo kutoka Malava, amevaa leso mbili na hasira moja kubwa.

"Mulembe," nikamsalimu.

"Mulembe gani? Wewe ndiye ulianguka na ugari?"

"Ni mimi, mama."

"Nilikuona. Aibu! Sasa nisikize. Mimi nimepindua wangu Jumatatu. Umesimama mpaka kuku wakaogopa. Nikamshukuru mama mkwe wangu, mtu tulikuwa hatuongei miaka minne. Akaona hiyo video, akanipigia, akalia, nikalia. Nyinyi hata kuniandikia neno moja, hakuna! Mmenidharau mimi ama mmemdharau mama mkwe?"

"Mama, sijaona video yako. Ungeandika lile jina…"

"Niliandika! Unafikiri sijui kusoma?" Akatoa simu kutoka kwenye fundo la leso, akaninyooshea mpaka karibu inipofue. "Soma!"

Nikasoma. Alama ya reli, halafu: UgariSimama.

Nikagusa lile neno kwa kidole. Ukurasa ukafunguka. Mungu wangu. Ugali juu ya ugali juu ya ugali. Ugali wa jiko la kuni, ugali wa gesi, ugali mweupe, wa mtama, wa muhogo. Nikasukuma kwa kidole chini, chini, hadi kidole kikachoka. Walikuwa watu zaidi ya mia mbili, na kwangu mimi walionekana elfu kumi. Wote walikuwa wamemsikia Mama na kuandika kama alivyosema, na mashine ile haina kwao, haijui kwamba r na l kwetu ni watoto wa mama mmoja. Kwake hayo ni maneno mawili, kurasa mbili, nyumba mbili zisizo na mlango kati yao. Mimi nilikuwa nimeketi wiki nzima kwenye ile nyumba tupu, kwa sababu ndiyo iliyoandikwa sawasawa.

Nilimkumbatia yule mama wa Malava hadi mlinzi akasogea kututenganisha.

Mkutanoni mkuu wa vipindi alikuwa tayari ana njugu mkononi. Nikaweka simu mezani. Akatazama, akasukuma, akatafuna polepole zaidi.

"Lakini hili silo jina mliloandika kwenye karatasi," akasema. "Tulikubaliana UgaliSimama."

Kabla sijafungua kinywa, Mama, ambaye kikapu chake kilikuwa kimeshafungwa karibu na mlango, akamuuliza kwa upole: "Bosi, wewe ni mtu wa huku huku, wa Kabras. Jana jioni nyumbani kwako, mlikula nini?"

Mkuu akafikiri. "Tulikula mboga na uga—" Hapo akacheka mpaka njugu zikamtoka mkononi na kutawanyika chini ya meza. "Ugari," akasema. "Tulikula ugari. Rudisha vyombo vyako jikoni, Mama."

Mchana wote ule tuliandika ujumbe kwa wenye video, mmoja mmoja, tukiwaomba ruhusa ya kuwaonyesha, na majina yote mawili tukayaweka kwenye skrini makubwa kama mabati ya nyumba. Wa kwanza kuandikiwa alikuwa yule mama wa Malava. Akajibu kwa neno moja: "Afadhali."

Jumamosi tulirusha video kumi na mbili. Ya tisa ilitoka kwa mzee mmoja mkata miwa. Ugali wake ulisimama kwa kuegemea, kama yeye mwenyewe alivyoegemea ukuta wa jiko. Akasema hakufundishwa na mtu. Alikuwa akiketi mlangoni akimtazama marehemu mkewe akisonga, miaka yote, akijifanya anangoja chakula. "Kumbe nilikuwa nasoma," akasema. "Asante, mama watoto." Akaumega.

Kamera ikarudi kwa Mama, na Mama hakuwa na neno. Mtu ambaye nimemsikia akiongea na vitunguu! Machozi yalimjaa tu. Kidole changu kilikwenda kwenye kitufe cha kukata, na kwenye kifaa cha masikioni nikasikia sauti ya mkuu, taratibu, bila njugu: "Mwache. Usikate."

Sikukata. Mama akajifuta kwa pindo la aproni, akafunua sufuria, mvuke ukampanda usoni, akachota unga kwa mkono.

"Haya, wapendwa," akasema. "Maji yamechemka."