Nywele Fupi kwenye Picha ya Zamani

Dada yangu alikuwa na nywele nyingi ajabu. Akizichana zilisimama pande zote, na watu wa mtaani kwetu Msasani walimtania kwamba yeye hahitaji mwavuli, utani mzito kwa mji wenye mvua kama huu wetu wa Tukuyu. Mwaka ule zikaanza kutoka. Zilibaki kwenye chanuo, zilibaki kwenye mto, na nyuma ya sikio ngozi ikaonekana. Aliumwa ugonjwa ambao nyumbani hatukuutaja. Tulisema malaria, tukasema kifua, tukasema karogwa na wenye wivu sokoni, chochote isipokuwa jina lake. Dawa zake tulizisikia redioni tu.

Akaacha kutoka nje. Binti yake alikuwa anakaribia kupata kipaimara, na kila alipouliza, "Mama, utakuja kanisani?" dada alijibu, "Na kichwa hiki?" Nilimwambia anyoe zote zilingane, fupi, mapengo yasionekane. Akasema hajawahi kuwa na nywele fupi tangu amalize shule, na hajui atafanana na nini. Mtoto alikuwa anasikiliza. Nilitamani sana amwone mama yake amesimama kanisani siku ile, mara moja tu.

Nilikuwa nafanya kazi studio ya picha jirani na soko. Biashara zilikuwa zimefunguliwa, kila mwenye nauli alikwenda Dar akarudi na kitu, na tajiri wetu alirudi na kompyuta. Mimi ndiye niliyejifunza kuitumia, kwa kubonyeza na kuilaani. Nikamwambia dada aje nimpige picha, nimwonyeshe nywele fupi kabla hajaguswa na kinyozi. Alikuja amejitanda kanga mpaka machoni, na kukaa mbele ya kamera akakataa katakata. Akachomoa picha ya zamani, mashavu yamejaa, nywele zimesimama. "Tumia hii, mdogo wangu."

Niliiingiza kwenye mashine, nikahifadhi nakala yake pembeni nisije nikaiharibu. Kisha nikaupaka uso rangi nyekundu ya kwenye skrini, kuanzia paji hadi kidevu, pamoja na masikio na shingo.

"Mbona unanipaka damu?"

"Hiyo ni ya kuzuia, dada. Nilipopaka hapasogei, hata mkono ukiteleza."

Zikabaki nywele peke yake. Nikachukua brashi pana ya humohumo kwenye kompyuta, kwa sababu nyembamba huacha ukingo wenye mawimbi, nikawa nazisukuma kutoka nje kuelekea kichwani, kidogo kidogo, nikizunguka. Pazia la nyuma lilivutwa nalo, mikunjo yake ikapinda, ikabidi ninakili sehemu iliyonyooka na kuibandika juu ya iliyopinda. Mwisho nikaifuta ile nyekundu. Uso ulikuwa vilevile, hata kile kidoti chini ya jicho.

Dada alisogea mpaka pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo. "Kumbe nina kichwa kizuri!" Akacheka, akakohoa, akacheka tena. "Nitakuja kanisani. Mwambie mtoto." Nikamtolea picha kwenye karatasi, naye akaenda nayo moja kwa moja kwa kinyozi. Nilimfuata, nimejaa furaha ya kijinga ambayo hadi leo inanikera.

Kinyozi yule alikuwa fundi. Aliibandika picha pembeni ya kioo, akawa anaitazama, anakata, anaitazama tena. Alipomaliza akampangusa dada shingo kwa taulo na kumgeuzia kwenye kioo, akingoja kusifiwa.

Dada alijitazama. Nywele zile ndizo zilizokuwa zimejaza pande za uso wake miezi yote ile. Sasa mifupa ya mashavu ilikuwa wazi, na mashimo ya panja, na macho makubwa mno. Akaichukua picha, akaiweka kando ya shavu lake.

"Nywele ni hizihizi," akasema. "Ila huyu sijui ni nani."

Kinyozi akageuka kusafisha mashine yake. Mimi nikamlipa, tukarudi nyumbani.

Jumapili ya kipaimara binti yake alikuja kitandani na gauni jeupe, hajui amwombe mama yake aende au asimwombe. Dada hakumwacha aombe. Alitoa picha chini ya mto. "Nenda na huyu, mwanangu. Huyu ni mzima." Halafu akageukia ukutani, nami nikamshika mtoto mkono tukaondoka, nimemkasirikia Mungu kiasi kwamba kila aliyenisalimia njiani sikumwitikia.

Kanisani mchungaji aliwaita wazazi wasimame nyuma ya watoto wao. Nikasimama mimi. Mtoto alikuwa ameishika picha kifuani, uso wa pichani ukitazama watu, na mama mmoja wa benchi la mbele akaziona zile nywele fupi, akamnong'oneza jirani yake, "Bwana asifiwe, kumbe amepona."