Siku Baba Alipogeuza Basi Karavatini

Mwezi uliopita nilimsindikiza Baba kutoka Handeni kwenda Korogwe kupimwa macho. Tulipanda basi, nikafumba macho kidogo, na nilipofumbua kondakta alikuwa anatangaza Korogwe. Niamini, sikuona hata mti mmoja. Lami imeumeza utoto wangu mzima, nikabaki nimekaa palepale, sandwichi ya mayai mkononi, najaribu kukumbuka lilikuwa wapi karavati letu, lile daraja dogo la kupitisha kijito chini ya barabara.

Wewe uliyekulia kwenye lami utanisamehe. Zamani njia ile ilikuwa ya vumbi kiangazi na tope masika, na Baba ndiye aliyekuwa dereva wake. Basi lake lilikuwa likilala Handeni. Saa mbili asubuhi linaondoka, saa tano lipo Korogwe, saa kumi jioni linageuza kurudi. Na Korogwe kulikuwa na basi jingine linalofanya hivyohivyo kinyume chake. Dereva wake alikuwa Msambaa wa Dindira, na kwa kuwa Baba ni Mzigua, hao wawili walikuwa watani. Nyumbani sote tulimwita Mtani tu, sidhani kama nililijua jina lake kabla sijamaliza shule.

Kila asubuhi mabasi hayo yalipishana kabla ya kufika Sindeni, kwenye saa tatu na nusu hivi. Mtani huwasha taa, Baba hupiga honi mbili, kisha kila mmoja hutoa mkono dirishani na tusi dogo la kumtosha mwenzake mpaka jioni. Mama mmoja wa Misima aliwahi kuniambia kwamba yeye alijua muda wa kuinjika maharage kwa honi ile, na saa ya ukutani aliiweka kama pambo.

Nilikuwa darasa la sita, mfungaji wa timu ya shule ya mpira wa pete. Tulikuwa tunakwenda kucheza na wasichana wa Korogwe, saa nane mchana, na mwalimu wa michezo alishatuonya kwamba tusipokuwa uwanjani saa hiyo wenzetu wanapewa ushindi wa mezani. Lakini mimi nilikuwa na jambo langu kubwa kuliko ushindi. Baba hakuwahi kuniona nikicheza hata mara moja, maana kila mchezo ulimkuta barabarani. Siku hiyo, kwa mara ya kwanza, ratiba yake na yangu zilikutana: kutoka saa tano hadi saa kumi basi lingekuwa limepaki Korogwe. Alikuwa amevaa shati lake la Idi. Sikulala usiku uliotangulia.

Tukaondoka tunaimba. Basi lilipanda vilima, likashuka, likapanda tena, na mimi nikamwona Baba kwenye kioo anaacha kutabasamu. Akatazama saa yake. Akatazama mbele. Tulikuwa tumekwisha pita pale wanapopishana kila siku, na Mtani hakutokea.

"Huyu Msambaa yuko wapi?" akamuuliza kondakta wake.

Kwangu mimi barabara ilikuwa nzuri kabisa, jua linawaka, ndege wanalia. Lakini Baba alishajua kwamba huko mbele kuna kitu. Tulipofika Sindeni akauliza wauza ndizi, wakamwambia tangu alfajiri hawajaona gari lolote kutoka Korogwe. Dereva mwingine angesonga mbele akajionee. Baba alizima injini. Nilimsikia akimwambia mwalimu kwamba ukishaingia kwenye foleni ya njia iliyoziba, na magari yakajipanga nyuma yako, wewe si dereva tena, ni abiria kama wengine.

Mtandao wa simu Sindeni ulikuwa wa kubahatisha. Baba akapanda ngazi ya nyuma mpaka juu ya keria, akasimama katikati ya matenga ya kuku ameinua simu, na soko zima likasikia mazungumzo. Lori la mbao lilikuwa limeteleza alfajiri kwenye karavati lililo mbele yetu, likalala kukingama njia, matairi ya mbele mtaroni. Hakuna gari lililoweza kupita upande wowote. Winchi ilikuwa imeitwa, ila ingefika alasiri, Mungu akipenda. Mtani alikuwa ng'ambo ya pili tangu saa tatu.

Abiria wakaanza kila mmoja na rai yake. Mzee mmoja akasema turudi Handeni, tushuke Mkata, tushike barabara kuu mpaka Segera, tupande Korogwe. Baba akamjibu kwa heshima, "Shikamoo mzee, rai yako naijua. Lakini kwa mzunguko huo tutafika saa tisa tukiwahi. Mafuta niliyo nayo ni ya njia hii, na leseni yangu pia ni ya njia hii. Na hawa wanaoshukia vijiji vya mbele, nitawafikishaje nikipitia Segera?"

Baba akakaa kwenye ngazi ya mlango, akafikiri kwa muda wa kumaliza ndizi moja. Kisha akapanda tena juu ya keria.

"Mtani! Una abiria wa Handeni, mimi nina wa Korogwe. Kwa miguu mtu anapita?"

Anapita, sauti ikajibu, kijito kina maji ya kufika kwenye vifundo tu.

"Basi tubadilishane. Nipe wako nikupe wangu, kila mtu ageuze. Tiketi ni zilezile, wenye magari tutawaeleza sisi."

Mpango ukapangwa palepale, na mpaka leo naukumbuka kuliko jedwali la kuzidisha. Karibu na karavati kulikuwa na mashine ya kusaga yenye uwanja mpana. Hapo ndipo Baba aligeuzia basi, kisha akalirudisha kinyumenyume kipande kilichobaki, kondakta akiwa nyuma anagonga bodi: kofi moja simama, makofi mawili njoo. Likasimama mkia karavatini na pua Handeni, tayari kuondoka. Mtani ilimbidi kwanza awabembeleze madereva waliojipanga nyuma yake wamwachie upande mmoja, naye akafanya hivyohivyo.

Magunia ya mahindi hayakuvuka. Yaliachwa kwenye mashine yangoje njia ifunguke, na mwenye magunia alipofoka Baba alimwambia gunia halina miadi. Mizigo mingine yote ilivuka, tena kwa utaratibu. Ya kushuka Korogwe ilitangulia ili iingie ndani kabisa ya buti la Mtani, na ya vijiji vya karibu ikafuata mwisho, ikae mlangoni. Kwa namna hiyo Mtani asingepoteza muda kila kituo kufukua buti zima kwa ajili ya kikapu kimoja.

Na nani aliyeivusha? Sisi! Mwalimu alitupanga mstari kijitoni, sketi tumezikunja, akasema tuhesabu hayo kuwa mazoezi ya kupasha misuli moto. Furushi likitoka kwa kondakta linarushwa kifuani, unadaka, unageuka, unatupa. Ukisogeza mguu, mwalimu anapuliza filimbi. Abiria walishangilia kila tulipodaka. Msichana aliyekuwa mfungaji mwenzangu alirushiwa kitu kwenye mfuko wa kaki, kikalia koo-koo kikiwa hewani, na jogoo akaishia juu ya kichwa cha kondakta.

Bibi mmoja wa Misima alikataa kukanyaga maji. Mtani akachutama mbele yake.

"Panda, Bibi. Nyie Wazigua maji mnayaogopa kwa sababu hamjazoea kuoga."

Bibi akajipandisha mgongoni, akamchapa begani na upindo wa kanga. "Nilijua Mungu atanipa punda kabla sijafa. Sikujua atakuwa Msambaa. Nenda!"

Kijito kizima kilicheka. Nami nilikuwa nacheka mpaka nilipofika ng'ambo, nikageuka kumngoja Baba, nikamwona amesimama kulekule upande wa Handeni. Alikuwa anawahesabu watu wa Mtani wakipanda basi lake.

"Baba, huvuki?"

"Mwanangu, nikivuka, hawa nani atawapeleka Handeni?"

Jambo hilo sikuwa nimelifikiria. Katika mpango wote ule, kila mtu alikuwa anafika alikokuwa anakwenda isipokuwa yeye. Nililia waziwazi, sioni haya kusema. Baba akamwita Mtani pembeni ya lori. Nilimsikia akimpa maagizo ya jioni: saa kumi kila mmoja aondoke kwake, wakutane palepale wabadilishane tena, hata kama winchi itakuwa imekwisha kuvuta, ili kila basi lilale kwao na ratiba ya kesho iwe kama ya jana. Kisha akashusha sauti. "Na wewe leo utakuwa na nafasi Korogwe. Nenda ukanitazamie mtoto."

"Nikiwachelewesha hawa njiani, sisi tunashinda mezani," Mtani akasema.

"Ukiwachelewesha, nitakuja kuoa binti yako."

Mtani aliendesha kama anapeleka mkunga. Katika kila kituo mzigo ulikuwa uko mlangoni unangoja, na saa saba kasorobo tulikuwa tunakunywa chai ya rangi kando ya uwanja.

Tulifungwa. Mabao kumi na matatu kwa kumi na moja. Mfungaji mwenzangu alifunga nane, mimi matatu, na moja kati ya hayo lilizunguka kwenye pete kwa muda mrefu nikadhani litatoka. Lakini mchezo mzima nilimwona Mtani amesimama juu ya tofali nyuma ya goli, simu sikioni, anapunga mkono na kuutangaza mchezo kwa kelele mpaka mwamuzi akamwonya. Handeni stendi, kumbe, Baba alikuwa ameiweka simu kwenye kipaza sauti juu ya ndoo, wapiga debe na wauza maji wameizunguka.

Jioni tulifika karavatini, lori bado limelala vilevile. Baba alivuka kijito na viatu vyake, akaninyanyua juu na umri wangu ule.

"Mabao tisa! Tisa peke yako! Stendi nzima imesikia."

Nikamtazama Mtani. Alikuwa anakagua tairi ambalo halikuwa na tatizo lolote. Mfungaji mwenzangu, mwenye mabao yake manane halali, akafungua mdomo. Mwalimu akamkanyaga mguu, taratibu, na mdomo ukafungwa.

Karavati lile sasa liko chini ya lami, na madereva wa siku hizi hawajuani hata kwa sura. Mtani alifariki miaka mingi iliyopita, na huko Dindira Baba aliwachekesha wafiwa kama mtani anavyotakiwa, kisha akajificha nyuma ya nyumba akalia. Mpaka leo akipata mgeni humsimulia mchezo ule bao kwa bao, jinsi nilivyoruka, jinsi nilivyomzunguka mlinzi wa Korogwe mara mbili. Yeye ndiye aliyeukosa, na hakuna aliyewahi kuuona vizuri kama yeye. Mgeni hunigeukia, akaniuliza kama ni kweli nilifunga tisa.

Nami humjibu kwamba yalikuwa kumi, ila moja mwamuzi alilikataa.